Cherehani moja ilivyokuwa inachelewesha karakana nzima: kutoka siku 23 hadi siku 9

Kabla sijaanza niseme tu kwamba mteja ameisoma hii yote na ameniruhusu niiweke. Aliomba jina lake lisitajwe na habari za pesa tuziache. Namba zingine zote ni zake na mafundi wake wanajua naziandika.

Ni karakana ya kushona sare, mashati kwa wingi, mafundi 26. Dada mwenye karakana alinipigia simu akiwa amechoka kabisa. Alikuwa anaahidi wateja siku 10 za kazi na oda zinatoka baada ya wiki tatu na zaidi, kila asubuhi simu yake imejaa meseji za "mzigo wangu vipi", na katika oda 40 za mwisho, zilizotoka kwa wakati zilikuwa 11 tu. Alikuwa ameshaamua anunue vyerehani sita vipya, alichotaka kwangu ni nimsaidie kupanga vikae wapi. Nikamwomba anipe siku tatu kwanza kabla hajalipa kitu.

Siku hizo tatu sikufanya cha ajabu. Nilisimama na daftari. Nikafunga kikaratasi kwenye mafungu 20 (pale fungu moja ni mashati 20), kila fundi anaandika saa alipolipokea na saa alipolimaliza, basi. Afu nikahesabu mafungu yote yaliyokuwa ndani, yaliyokatwa hayajashonwa, yaliyoshonwa nusu, yaliyo chini ya meza, yaliyo kwenye korido, mpaka yale yaliyowekwa juu ya kabati. Yalifika 322. Dada mwenyewe alidhani ni kama 150 hivi.

Kwa siku yalikuwa yanatoka 14. Sasa hapa kuna kanuni nyepesi ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961 na naitumia karibu kila kazi: muda ambao kitu kinakaa ndani ni sawa na idadi ya vilivyomo gawanya kwa vinavyotoka kwa siku. 322 gawa kwa 14 ni 23. Siku 23, na ndo hizo hizo wateja walikuwa wanalalamikia. Nilimpa kalkuleta apige mwenyewe, akapiga mara mbili, akanyamaza. Maana yake hata mafundi wangekimbia vipi, fungu linaloingia leo lina foleni ya siku 23 mbele yake.

Swali likawa kwa nini mafungu yanatoka 14 tu. Vikaratasi vilijibu wenyewe. Kukata haraka, kushona haraka, afu fungu linafika kwenye cherehani ya matundu ya vifungo linalala. Cherehani hiyo iko moja na anayeiendesha ni mama mmoja tu. Kila mtu pale alikuwa anasema yule mama ni mzito, na hili liliniuma kwa kweli, kwa sababu siku ya pili nilikaa pembeni yake kutwa nzima na saa mkononi na nikaona mambo tofauti kabisa. Fungu moja linamchukua dakika kama 19. Mikono yake ni myepesi kuliko mtu yeyote mule ndani. Lakini katika dakika 480 za kazi, cherehani ilitoboa dakika 265 tu. Muda uliobaki alikuwa anaenda stoo kutafuta uzi wa rangi inayofanana, anabadilisha uzi wa bluu kwenda mweupe afu anarudi bluu kwa sababu mafungu yanamjia bila mpangilio, anahesabu vipande, na anarudisha mashati ambayo pindo la kifuani limeshonwa limepinda. Shati likipinda pale kwenye pindo huwezi kutoboa, matundu yatakaa upande. Aliniambia, "Mwanangu, mi nasubiri kuliko ninavyofanya kazi." Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwa hiyo vyerehani sita vya kushona vingeongeza tu rundo mbele yake.

Tulichofanya ni hivi. Kwanza tuliilinda hiyo cherehani. Kijana mmoja wa kufungasha akapewa kazi ya kumletea kila kitu mezani, nyuzi zimepangwa, mafungu yamepangwa kwa rangi, na kukagua pindo kukahamia kabla ya fungu kumfikia, sio baada. Akienda mapumziko kuna fundi mwingine aliyefundishwa anakaa pale. Pili, na hii ndo ilikuwa ngumu, tukaweka kikomo: halikatwi fungu jipya mpaka jingine litoke mlangoni. Ubao ukutani, vibao vya mbao 150, fungu bila kibao halianzi. Tatu, oda za "haraka haraka" ambazo dada alikuwa anaziingiza katikati kila mteja akipiga kelele, tukabakiza nafasi moja tu kwa siku, ikishachukuliwa imechukuliwa.

Sasa niseme nilipokosea. Mwanzoni kikomo nilikiweka kwa oda sio kwa mafungu, nikasahau kwamba oda moja inaweza kuwa fungu moja na nyingine mafungu 15, kwa hiyo wiki ya kwanza ubao ulionyesha tuko sawa na korido bado imejaa. Ilibidi turudie kuhesabu. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Wakataji wanalipwa kwa kipande, na mimi nimewaambia wasikate! Kumbe ndo maana walikuwa wanakata bila kusimama tangu mwanzo, mtu anatafuta riziki yake, na nilipaswa kuliona hilo kabla sijagusa kitu. Wiki ya pili walikuja watatu kwa dada kusema wanaondoka, na walikuwa na haki. Tukakaa nao, dada akakubali kuwalipa kwa siku kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita, na muda wao wa ziada wakaanza kusaidia kukagua pindo. Bila uamuzi huo wa dada hii kazi ingekufa pale pale, mi nampa heshima zote.

Rundo la zamani lilichukua muda kuisha, na zile wiki za kusubiri ni ndefu jamani, unaona wakataji wamesimama na moyo unakuambia umeharibu. Kufika wiki ya nane cherehani ya matundu ilikuwa inafanya kazi dakika kama 320 kwa siku, mafungu yanatoka 17, na ndani yako 150. 150 gawa kwa 17 ni karibu 9, na vikaratasi vilionyesha wastani wa siku 9 kweli. Katika oda 40 zilizofuata 34 zilitoka ndani ya ahadi. Mafundi ni wale wale 26 na hakijanunuliwa cherehani hata kimoja.

Zile oda sita zilizochelewa nimezifuatilia moja moja. Nne zilikwama kwa sababu kitambaa kilifika pungufu na watu wakaanza kukata hivo hivo wakitegemea kingine kinakuja, mbili ni vifungo vya rangi isiyo sahihi. Hilo ni tatizo la stoo na bado hatujaligusa. Tumekubaliana sheria moja ya kuanzia: oda haipati kibao mpaka kitambaa, uzi na vifungo vyake vyote viwe vimehesabiwa mezani. Inaanza Jumatatu, na anayehesabu ni yule mama wa matundu, kaomba mwenyewe.