Meseji kwa bosi: cheti sina, nina risiti ya duka la dawa

Shikamoo mama, samahani kwa meseji ndefu, nimeona niandike kabla sijaingia kazini leo Alhamisi ili isionekane nakuja na stori mdomoni.

Jumanne na jana Jumatano sikuja dukani kwa sababu ya tumbo, nilianza kuharisha na kutapika Jumatatu jioni nikiwa nimeshafika nyumbani Ujiji. Nahisi ni ule mgebuka niliokula kibandani mchana ila sina ushahidi kwahiyo simlaumu mtu. Jumanne kabla ya saa 1 asubuhi nilimpigia msimamizi nikamwambia siwezi kuja, simu ipo kwenye kumbukumbu na yeye anajua.

Sasa tatizo ni cheti. Hospitali sikwenda mama, kusema kweli kutoka kwangu mpaka Maweni kwa bodaboda na hali ile ningeaibika njiani, nilikuwa natoka chooni narudi tena. Nilichofanya nilijikokota mpaka duka la dawa la hapa mtaani nikanunua pakiti 6 za ORS na karatasi mbili za paracetamol, jumla 4,000. Risiti ni ya mashine, ina tarehe ya Jumatatu na saa 20:47, jina langu halipo ila nililipa kwa lipa namba na meseji ya malipo ninayo, kiasi kilekile na dakika zinakaribiana. Nimekutumia picha za vyote viwili hapo chini, risiti yenyewe nakuja nayo maana wino wake unafutika haraka.

Sitaki kuikuza hiyo risiti, inaonyesha nilinunua dawa tu, haisemi nilikuwa na nini wala kwamba nilitakiwa kupumzika siku mbili. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nimeisoma, bila cheti mwajiri halazimiki kulipa siku za ugonjwa, kwahiyo sidai. Kuna mtu ameniambia niende zahanati leo nikaombe waniandikie cheti cha tarehe ya nyuma, nimekataa, daktari hajaniona naumwa ataandika nini?

Ninachoomba ni hivi, kama utaridhika na hizo picha na maelezo ya msimamizi basi nihesabiwe ugonjwa, kama haitawezekana naomba hizo siku mbili zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka ambayo bado sijaigusa. Kitu ambacho naomba kisitokee ni kuandikiwa utoro, maana nilitoa taarifa.

Leo nipo vizuri, asubuhi nimekunywa uji na umetulia. Ila magunia ya saruji naomba leo wabebe wenzangu, mimi nikae kaunta, miguu bado haina nguvu. Hali ikirudi usiku wa leo naenda moja kwa moja kupimwa na cheti nitaleta.

Saa 2 nitakuwa nimefika Mwanga.