Barua kwa Dada Mwanaidi

Ngamiani, Tanga
14 Juni 2025

Kwa dada yangu mpendwa Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, natumai barua hii itakufikia ukiwa mzima pamoja na shemeji na watoto. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi.

Tangu msiba wa mama mwaka 2016, tulipokaa jamvi moja siku tatu na kuachana bila kuambizana hata kwaheri, sijasikia sauti yako. Habari zako nazipata kwa wasafiri watokao Mwanza, nami nawauliza mpaka wanachoka: unaendeleaje, mguu umepoa, mjukuu ameshatembea?

Nakuandikia kwa sababu Zuhura ameposwa, na nikah itafungwa Mfungo Sita, baada ya Maulidi. Nilipomuuliza nani amsimamie siku ya kuingia ndani, hakufikiri, alisema, “Mama mkubwa.” Alikuwa mdogo ulipoondoka, lakini anakumbuka ulivyokuwa ukimsuka ukumbini, kichwa chake mapajani mwako, ukimtishia kitana kila alipojitikisa. Mahali hapo ni pako, dada. Wako wengi walio tayari kupashika, na wote nimewaomba wasubiri.

Najua kati yetu ipo nyumba ya baba. Wewe uliona kuiuza ni kumzika baba mara ya pili. Mimi niliona mama anahitaji matibabu na hatuna pengine pa kupata fedha. Hadi leo naamini tusingeweza kufanya vinginevyo, nawe huenda bado huamini hivyo, wala sikuombi ubadili rai yako ndipo uje. Wazee wakitaka kutukalisha tuzungumze, nitakaa, na nitakusikiliza mpaka umalize. Fungu lako ulilolikataa bado liko kwa ami, halijaguswa hata senti.

Lipo na jambo ambalo msibani sikupata nafasi ya kukueleza. Mama alikuwekea doti ya kisutu ndani ya kasha lake, imefungwa kwa kipande cha shuka, na katika siku zake za mwisho alinikataza kumpa mtu mwingine yeyote. Ningeweza kukutumia kwa mtu, lakini sikutaka ifike mikononi mwako kama mzigo wa basi.

Barua hii anakuletea Salim, mwanangu, ambaye atakaa Mwanza wiki moja kwa shughuli zake. Kama utapenda kuandika, mpe jibu. Kama utaona ni rahisi zaidi kusema naye, atanifikishia kama ulivyosema. Na ikiwa safari ni nzito kwa mguu wako, nijulishe tu, nami nitakuja kukuchukua mwenyewe, tulale Dodoma njiani ili usichoke.

Nimekukumbuka mno, dada yangu. Nisalimie wote.

Wako mdogo,
Rukia