Yah: Alama ya insha yako kuhusu Vita vya Majimaji

Iringa, 3 Juni 2024

Ndugu Rehema,

Nimepokea ujumbe wako wa juzi ukiuliza kwa nini kazi yako ya pili imepata alama 8 kati ya 20, ilhali, kwa maneno yako mwenyewe, hoja zote zimo. Ni haki yako kuuliza, nami naona ni vyema nikujibu kwa maandishi ili uweze kuisoma barua hii ukiwa na kazi yako mkononi.

Swali lilikuwa hili: je, dawa ya maji ilikuwa chanzo cha Vita vya Majimaji, au ilikuwa nyenzo tu ya kuwaunganisha watu ambao tayari walikuwa na sababu zao za kupigana? Ulichowasilisha ni kurasa mbili zenye vichwa sita vya habari, na chini ya kila kichwa vistari vitatu au vinne vya maneno machache machache. Huo ni mpango wa insha, na kwa kweli ni mpango mzuri, ndiyo maana katika kipengele cha mpangilio nimekupa 3 kati ya 4. Katika ushahidi umepata 3 kati ya 6, kwa sababu tarehe na majina mengi uliyoyataja ni sahihi. Alama zilikopotelea ni kwenye uchambuzi, ambako umepata 1 kati ya 7, na kwenye lugha na marejeo, ambako pia umepata 1, kati ya 3. Sikukukata alama kama adhabu ya kukiuka maelekezo. Nilitafuta uchambuzi wa kuupa alama, nikaukosa.

Naelewa mazoea haya yametoka wapi. Sekondari, mwalimu mwenye rundo la karatasi mbele yake huhesabu hoja na kuweka tiki, na mwanafunzi hujifunza upesi kwamba hoja ikishatajwa imeshalipwa. (Simlaumu mwalimu huyo, nimewahi kusahihisha madarasa ya aina hiyo.) Chuoni hoja iliyotajwa tu bado haijajengwa, kwani swali linaloanza na "je" linakutaka uchague upande na umwoneshe msomaji njia uliyopita hadi kuufikia.

Nitakuonesha ninachomaanisha kwa kutumia kistari kimoja cha kwako. Katika ukurasa wa pili umeandika: "4/8/1905 – Kinjikitile ananyongwa Mohoro." Ni kweli, na ukaishia hapo, ukahamia kwenye kistari kinachofuata: "30/8 – Mahenge." Hujasema kinachounganisha tarehe hizo mbili, nami ndicho nilichokuwa nikikisubiri tangu ukurasa wa kwanza. Mtu aliyetoa dawa kule Ngarambe alikuwa ameshauawa vita vikiwa na siku chache tu tangu Wamatumbi walipong'oa mipamba mwishoni mwa Julai, lakini vita havikufa pamoja naye. Viliendelea kusambaa hadi boma la Mahenge likashambuliwa mwisho wa Agosti, na mwezi Septemba Wangoni nao wakaingia. Kutokana na hilo unaweza kudai kwamba imani ya maji ilikwisha kujitegemea, ikibebwa na wajumbe walioitwa hongo, na kwa hiyo ilikuwa na nguvu yake yenyewe ya kuwasha vita. Unaweza pia kudai kinyume chake, kwamba vita visingeweza kuendelea bila mganga wake wa kwanza kama watu wa kila sehemu wasingekuwa na madukuduku yao ya zamani. Madai yote mawili yanatetewa, na ningekubali lolote kati yake likiwa na ushahidi. Kistari chako hakidai lolote, kwa hiyo siwezi kujua kama uliuona uhusiano huo ukauacha, au hukuuona kabisa.

Kuna jambo zito zaidi. Kichwa chako cha pili kinasema pamba ndiyo "sababu kuu", na kichwa cha tano kinawataja Wangoni miongoni mwa waliopigana kwa ukali. Ungelazimika kuandika sentensi kamili inayoviunganisha vichwa hivyo viwili, ungegundua mwenyewe kwamba vinagombana. Mashamba ya pamoja ya pamba yaliyoanzishwa mwaka 1902 hayakuwabana Wangoni kama yalivyowabana Wamatumbi na majirani zao. Kilichowauma zaidi watawala wa Kingoni ni kunyang'anywa madaraka yao tangu Wajerumani walipoishika nchi yao mwaka 1897. Vivyo hivyo kuhusu kodi ya nyumba: umeiweka kama sababu, lakini ilianza kutozwa mwaka 1898 na haikuwa ya kusini peke yake, basi mbona vita vilianzia vilima vya Umatumbi, na mbona vilianza mwaka 1905? Huenda jibu unalo. Vistari vina tabia ya kuyalaza mambo yanayopingana kwenye ukurasa mmoja bila kumshtua mwandishi wala msomaji, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kusisitiza maandishi ya aya.

Kwa upande wa marejeo, "Vifo 300,000" haina chanzo. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalikuwa kama 75,000, na watafiti wa baadaye wamefikia kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya majeshi kuchoma vyakula na mashamba. Anayetaja idadi moja tu amechagua, na msomaji anastahili kuelezwa kwa nini. Hata hivyo ningekushauri uiondoe kabisa, kwa sababu swali linahusu namna vita vilivyoanza na kuenea, nalo suala la vifo halikusaidii kulijibu.

Alama 8 itabaki kama ilivyo kwa kazi hii. Utaratibu wa kozi unakuruhusu kuwasilisha upya mara moja, ila alama ya marudio haiwezi kuzidi 12. Usiutupe mpango wako, lakini usijaribu pia kukigeuza kila kistari kuwa aya, maana utapata insha ya vipande visivyojuana. Anza kwa kuandika jibu lako la swali katika sentensi mbili, kisha uchukue vile tu vinavyolitetea au vinavyolitia mashaka. Ninahisi vichwa vyako sita vitabaki vitatu, na cha Kinjikitile kitahitaji ukurasa mzima. Maneno 1,500 yanatosha.

Kazi iliyorekebishwa inifikie ifikapo Ijumaa, tarehe 14 Juni, saa kumi jioni. Ukipenda tuzungumze kabla ya hapo, nipo ofisini Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana. Njoo na zile sentensi mbili zikiwa zimeandikwa, hata kama bado huziamini.

Wako,
J. Mhagama
Mkufunzi wa kozi ya Historia ya Tanzania