Barua ya maombi ya kazi: Mteknolojia wa Maabara

Zuhura Athumani Mbwana,
Pangani Mashariki,
Wilaya ya Pangani.
3 Machi 2025

Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo,
Tanga.

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA MKATABA, MTEKNOLOJIA WA MAABARA DARAJA LA II

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba kazi iliyotangazwa kwenye ubao wa matangazo wa hospitali tarehe 17 Februari 2025. Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 31. Nina Stashahada ya Sayansi ya Maabara za Afya, NTA ngazi ya 6, niliyoipata mwaka 2016, na tangu 2018 nafanya kazi katika maabara ya kituo cha afya wilayani Pangani. Jina la kituo na la msimamizi wangu viko kwenye wasifu. Msimamizi anajua kwamba naomba kazi hii na yuko tayari kuulizwa.

Naanza na leseni, kwa sababu bila hiyo mengine yote hayana uzito. Nimesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Leseni yangu niliihuisha Januari mwaka huu, ni hai hadi tarehe 31 Desemba 2025, na tangu niipate mara ya kwanza haijapita siku hata moja nikiwa nafanya kazi imeisha muda. Nakala nimeambatisha, halisi nitakuja nayo siku ya usaili. Naomba pia namba iliyomo iulizwe moja kwa moja Barazani, maana karatasi inaweza kughushiwa lakini rejista ya Baraza haighushiki kirahisi. Nilipomaliza chuo nilijitolea miezi kadhaa nikisubiri usajili ukamilike. Katika miezi hiyo nilipima, lakini sikusaini jibu hata moja. Kila jibu lilipitiwa na kusainiwa na mwenye leseni. Kuna waliosema najichelewesha. Mimi niliona sahihi ya maabara ndiyo inayompa daktari ruhusa ya kuamini kilichoandikwa, na sikuwa na haki ya kuitoa kabla ya kupewa.

Kituo chetu kina chumba cha upasuaji cha akina mama, kwa hiyo kazi yangu kubwa imekuwa damu: makundi, ulinganishaji wa damu ya mgonjwa na ya mchangiaji, wingi wa damu, pamoja na malaria, makohozi ya kifua kikuu, mkojo, choo, sukari na vipimo vya wajawazito. Zamu za usiku mara nyingi huwa peke yangu.

Usiku mmoja wa mwaka 2022 ililetwa sampuli ya mama aliyetakiwa kufanyiwa upasuaji, pamoja na fomu ya kuomba chupa mbili za damu. Nilipima kundi nikapata B chanya. Kabla ya kulinganisha nina desturi ya kufungua rejista ya zamani ya wajawazito, na humo jina lile lile lilikuwa na O chanya, kipimo cha kliniki ya kwanza. Nilirudia, nikapata B tena. Basi ama rejista ilikosea, ama damu iliyomo kwenye kichupa haikuwa ya mama yule. Wodini walikuwa wananihimiza kwa simu, na nilielewa kwa nini. Niliomba dakika kumi, nikaenda mwenyewe hadi kitandani, nikamwuliza mama ataje majina yake matatu na kijiji chake, nikatoa damu upya na kuandika kichupa pale pale pembeni ya kitanda. Ikawa O chanya. Kulikuwa na akina mama wawili wenye jina la kwanza na la pili sawa, vitanda jirani, na vichupa viliandikwa baada ya damu kutolewa. Mtu wa kundi O akipewa damu ya B, kinga iliyomo mwilini mwake huanza kuzivunja zile chembe mara moja. Mama yule alipata O, alijifungua salama, na mpaka leo sitoi damu kwa kundi lililopimwa kwenye sampuli moja tu kama muda unaruhusu kuchukua ya pili.

Nami nimewahi kukosea, na naona ni haki mjue. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika jibu la malaria kwenye mstari wa mgonjwa aliyefuata katika rejista. Slaidi nilikuwa nimeisoma sawasawa kabisa. Mkono ndio uliteleza mstari. Tabibu alishangaa mtoto mwenye homa kali kuandikiwa hana vimelea, akarudi kuuliza, tukaligundua kabla dawa haijakosewa. Tangu siku hiyo rula ya plastiki haitoki kwenye rejista yangu. Naiweka chini ya mstari, nasoma namba ya kichupa kwa sauti, nasoma namba ya mstari, ndipo naandika. Wenzangu wawili nao sasa wanafanya hivyo.

Upande wa slaidi za malaria, natumia utando mnene kutafuta vimelea na utando mwembamba kutambua aina. Giemsa ya asilimia 10 naichanganya siku hiyo hiyo, na slaidi inakaa humo dakika 10 kwa kuangalia saa. Siandiki kwamba hakuna vimelea kabla ya kupitia maeneo 100 chini ya lenzi ya mafuta, hata foleni ikifika mlangoni. Vikionekana, navihesabu dhidi ya chembe nyeupe 200, nazidisha kwa 8,000 na kugawa kwa 200, ili daktari apate wingi halisi badala ya alama za kujumlisha.

Usahihi lakini huanza kabla sampuli haijafika mezani. Nimetumia muda mwingi kuwaelekeza wauguzi wapya mpangilio wa vichupa, kwa upole, kwa sababu wengi hawajawahi kuambiwa sababu yake. Ukijaza cha kifuniko cha zambarau kwanza kisha chekundu, chumvi ya potasiamu iliyomo kwenye kile cha kwanza inaweza kuingia kwenye cha pili. Potasiamu inasoma juu, kalisi inasoma chini, na mgonjwa anatibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Damu iliyovunjika kwa kuvutwa kwa nguvu kwenye sirinji nayo huifanya potasiamu isome juu. Sampuli ya namna hiyo naikataa, naandika sababu kwenye rejista ya zilizokataliwa, kisha napiga simu mwenyewe wodini ili mgonjwa achukuliwe nyingine bila kusubiri hadi wagundue.

Mashine kila asubuhi zinapimwa kwanza kwa sampuli za udhibiti wa ubora, ndipo za wagonjwa zinaingia. Zikitoka nje ya mipaka, mashine hiyo inasimama. Nimewahi kusimamisha kipimo cha wingi wa damu tangu asubuhi hadi saa nane mchana kwa ajili ya kitendanishi kilichoharibika, na sampuli za dharura tukazipeleka hospitali ya wilaya. Nilielezea wagonjwa mmoja mmoja dirishani. Wengi walielewa.

Jibu la hatari silisubirishi kwenye karatasi. Mtoto mwenye hemoglobini ya 3.8 naripoti kwa simu, namwomba anayepokea anisomee tena alichoandika, naandika jina lake na saa.

Kuhusu usalama wa kazi: sirudishi kifuniko kwenye sindano, na kisanduku cha sindano kinafungwa kikifika robo tatu. Jiki ya asilimia 3.5 naichanganya kila siku, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, nipate asilimia 0.5, na ndoo inaandikwa tarehe, kwa sababu ya jana imeshapungua nguvu. Damu ikimwagika naifunika kwa kitambaa kinachofyonza, namimina dawa, nasubiri, ndipo nafuta. Nimemaliza chanjo tatu za homa ya ini B, kadi nimeambatisha. Mwaka 2020 mwenzangu wa usafi alichomwa na sindano iliyotupwa kwenye mfuko wa taka za kawaida. Nilimwosha kwa maji yanayotiririka na sabuni na kumfikisha kwa tabibu ndani ya saa moja ili aanze dawa za kinga ya VVU, ambazo zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72. Alipona hofu yake miezi mingi baadaye, vipimo vyake vyote vikiwa safi. Baada ya hapo niliomba nipewe jukumu la kukagua taka za maabara kila zamu, na bado ninalo.

Friji za vitendanishi nazisoma asubuhi na jioni, 2 hadi 8 kwa nyuzi za Selsiasi. Ya damu haipiti 6. Chupa ya damu iliyotoka ikarudi baada ya dakika 30 haiingii tena kwenye friji kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Inauma kuitupa ukijua aliyeitoa alitembea kutoka kijijini, lakini joto huotesha vijidudu ambavyo macho hayaoni.

Baadhi yenu huenda mnalijua jina langu, kwani sampuli nyingi za rufaa kutoka kwetu nimezifunga mimi: kichupa kilichobana, chombo cha pili kisichovuja chenye kitu cha kufyonza, kisha boksi la nje lenye barafu, na fomu nje ya chombo cha pili isilowe. Natamani sasa nifanye kazi upande wa pili wa safari hiyo, mahali penye sampuli nyingi, vipimo vya kikemia na vya vimelea vinavyooteshwa, na wakubwa wa kunifundisha. Katika kuotesha vimelea uzoefu wangu ni wa chuoni tu, na ningeanza kama mwanafunzi kwenye benchi hilo. Pia mama yangu anaishi Pongwe na umri umekwenda, hivyo makazi hayatakuwa tatizo wala zamu za usiku.

Mkinikubalia, natakiwa kutoa notisi ya siku 30 kwa mwajiri wangu. Kwa usaili naweza kufika siku yoyote mtakayopanga, na kama mtapenda kunipa slaidi au sampuli za kunipima kwa vitendo, nitafurahi zaidi kuliko maswali ya mezani. Namba zangu za simu ziko kwenye wasifu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Zuhura Athumani Mbwana
Mteknolojia wa Maabara

Viambatisho: wasifu, nakala ya cheti cha stashahada na matokeo yake, nakala ya cheti cha usajili na leseni hai ya Baraza, vyeti vya mafunzo ya usalama wa maabara na usafirishaji wa sampuli, kadi ya chanjo ya homa ya ini B, cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha Taifa, picha mbili ndogo za rangi.