YAH: KUONDOA BARUA YANGU YA KUJIUZULU YA TAREHE 10 JUNI 2025

12 Juni 2025

Kwa: Meneja Rasilimali Watu
Kupitia kwa: Meneja wa Ghala

Ndugu Meneja,

Rejea barua yangu ya Jumanne tarehe 10 Juni, niliyoiacha mezani kwa karani wako saa kumi na moja jioni. Naiondoa barua hiyo na kuomba niendelee na kazi yangu ya usimamizi wa zamu ya asubuhi.

Niliiandika nikiwa na hasira. Siku hiyo hesabu ya ghala ilipungua katoni 46, nikaulizwa mbele ya vibarua niliowasimamia kwa miaka sita kana kwamba nimezichukua mimi. Sikungoja hata kupitia upya hati za kupokelea mzigo. Nilichana karatasi kwenye daftari la zamu nikaandika mistari minne. (Daftari la ofisi si la kuchanwa, na kwa hilo pia naomba radhi.) Jana asubuhi katoni hizo zilionekana kwenye hati ya ghala namba mbili. Hata zisingeonekana, barua ile haikuwa njia ya kujibu.

Kuhusu notisi, nimeusoma tena mkataba wangu. Kifungu cha 9.2 kinataka notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, inayohesabiwa kuanzia tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Mimi niliandika "naacha kazi kuanzia leo", jambo ambalo mkataba hauliruhusu bila kulipa mshahara wa mwezi badala ya notisi, na sikulipa wala sikukusudia kulipa. Hata barua ile ikichukuliwa kuwa notisi halali, itaanza kuhesabiwa tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 31 Julai. Kifungu cha 9.4 kinaruhusu notisi kuondolewa kwa maandishi kabla haijaisha, mwajiri akiridhia.

Neno hilo la kuridhia nimeliona. Sidai kwamba kubadili nia kwangu peke yake kunaifuta barua; uamuzi ni wenu. Naomba tu mzingatie kwamba sijajibiwa kuwa imepokelewa, nafasi yangu haijatangazwa, na sijakosa zamu hata moja: jana na leo nimefungua ghala saa kumi na mbili kamili kama kawaida.

Lile la kuulizwa mbele ya watu bado linaniuma. Nitaliwasilisha kwa utaratibu wa malalamiko, kwa barua yake, na si sharti la ombi hili.

Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 30 Juni, na mkiridhia, barua ya awali iwekewe alama kwenye faili langu kuwa imeondolewa, pamoja na nakala ya barua hii.

Wako katika kazi,

Zuhura
Msimamizi wa Ghala, Zamu ya Asubuhi