Kwa nini hali ya kwanta hainakiliki

Mwanafunzi mmoja aliniuliza baada ya kipindi: "Mwalimu, faili tunalinakili mara elfu bila kuliharibu. Iweje fotoni moja itushinde?" Nilimjibu ubaoni kwa mistari michache, na naiweka hapa kwa kuwa ni hoja ninayoipenda sana. Haidai hesabu nzito. Inadai ukubali sifa moja na kuifuata hadi mwisho.

Sifa yenyewe ni hii: mabadiliko ya hali za kwanta ni ya mstari. Ukishajua mashine inazifanyia nini hali mbili za msingi, |0⟩ na |1⟩, mchanganyiko wao hauna siri tena. Kila kipande hubadilika kivyake, kisha vipande hujumlishwa kwa vizidishi vilevile vya mwanzo.

Sasa tuseme ipo mashine U inayonakili hali yoyote ile juu ya kyubiti tupu |e⟩, kyubiti ikiwa ni mfumo wa kwanta wenye hali hizo mbili za msingi. Basi lazima:

```
U|0⟩|e⟩ = |0⟩|0⟩
U|1⟩|e⟩ = |1⟩|1⟩
```

Tuipe |ψ⟩ = a|0⟩ + b|1⟩. Sifa ya mstari inatulazimisha kupata:

```
U|ψ⟩|e⟩ = a|00⟩ + b|11⟩
```

Lakini nakala halisi ingekuwa:

```
|ψ⟩|ψ⟩ = a²|00⟩ + ab|01⟩ + ab|10⟩ + b²|11⟩
```

Hizi mbili zinalingana pale tu ab = 0, yaani pasipo mchanganyiko wowote. Kwa hiyo mashine hiyo haipo.

Chukua a = b = 1/√2 uone tofauti kwa macho. Nakala mbili za kweli, kila moja ikipimwa kama ni 0 au 1, zingeafikiana nusu ya mara tu. Zilizotoka kwenye U huafikiana kila mara: si nakala, ni kyubiti mbili zilizofungamana. Hata ukiiongezea mashine sehemu zake za ndani, |01⟩ na |10⟩ hazina pa kutokea.

Wanafizikia Wootters na Zurek walichapisha hoja hii mwaka 1982, na Dieks akaitoa mwaka huohuo. Park alishaifikia mwaka 1970. Kilichowasukuma wale wa 1982 ni pendekezo la Nick Herbert la kutuma ujumbe kwa kasi kuliko mwanga, lililotegemea kunakili fotoni.

Mwanafunzi hakuridhika upesi. "Na tukijenga mashine ya kunakili |+⟩ na |−⟩?" Inawezekana kabisa, maana hali hizo mbili, yaani (|0⟩ + |1⟩)/√2 na (|0⟩ − |1⟩)/√2, ziko wima moja kwa nyingine, kama zilivyo |0⟩ na |1⟩. Nikampa chaki, nikamwambia aipe mashine yake |0⟩, ambayo ni (|+⟩ + |−⟩)/√2. Mstari wa pili alisimama. Kilichotoka kilikuwa (|++⟩ + |−−⟩)/√2, si |0⟩|0⟩.