Ratiba ya harusi ya Jumamosi: nani anafanya nini, na saa ngapi

Baba, Mama, Shangazi, Wajomba na Mama mdogo, shikamooni. Kaka, binamu na wadogo zangu, habari zenu.

Mama alinipa karatasi yake juzi usiku, ile aliyoandika nyuma ya kadi ya mwaliko, akaniomba niipange pamoja na yote mliyotuma kwenye kundi la familia. Nimesoma ujumbe wote na kusikiliza sauti zote, hata ile ndefu ya Shangazi. Ratiba iko hapa chini, lakini someni kwanza niliyobadilisha, ili asiwepo mtu atakayeshangaa siku yenyewe.

Kubwa kuliko yote ni Mjomba. Kwenye karatasi ya Mama jina lake limetajwa mara tatu kwa saa 7 mchana: amlete Bibi kanisani, achukue keki, ampeleke bibi harusi. Kila aliyemwomba alimwomba kwa nia njema, naye hakumkatalia mtu. Sasa saa hiyo Mjomba ana kazi moja tu ya barabarani, bibi harusi. Keki ni ya Kaka, Bibi ni wa Binamu mkubwa.

Saluni tulisema tuanze saa 4 asubuhi. Haiwezekani. Msusi mmoja atakuwa na bibi harusi peke yake, na wa pili ana watu 5, kila mmoja dakika 40. Hizo ni saa 3 na dakika 20. Tukianza saa 4, wa mwisho anainuka kwenye kiti saa 7:20 na ibada ni saa 8. Kwa hiyo tunaanza saa 2 kamili. Mama, wewe ni wa kwanza, maana wageni watakaofika nyumbani mapema watakuulizia wewe.

Mpiga picha aliandika kwamba atafika "saa 10". Sote tukaelewa saa 10 jioni, na Shangazi akaanza kumtafuta mwingine. Nimempigia: alikuwa anasoma saa ya simu, 10:00, yaani saa 4 asubuhi yetu. Tafadhali, mkiongea na watu wa ukumbi, gari au muziki, tajeni na kipindi: asubuhi, mchana, jioni au usiku. Saa zote kwenye jedwali ni za Kiswahili.

Pete hazikuwa na mwenyewe. Mama alidhani ziko kwa Baba, Baba alidhani ziko kwa bwana harusi, naye alidhani tunaziweka sisi. Baba, naomba umkabidhi msimamizi wa bwana harusi Ijumaa jioni, mkononi, na afungue kisanduku mbele yako.

| Saa | Kazi | Mahali | Anayehusika | Akikwama |
|---|---|---|---|---|
| 12:30 asubuhi | Kifungua kinywa cha wote | Nyumbani | Mama mdogo | Shangazi |
| 2:00 asubuhi | Saluni inaanza: Mama, Shangazi, wapambe wawili, mdogo wetu wa mwisho | Saluni | Shangazi | Mpambe mkuu |
| 2:45 asubuhi | Kumrudisha Mama nyumbani | Saluni | Kaka | Mjomba |
| 3:00 asubuhi | Bibi harusi anaanza nywele na vipodozi | Saluni | Mpambe mkuu | Shangazi |
| 4:00 asubuhi | Mpiga picha anafika, anaanza na gauni, viatu na maua | Nyumbani | Mimi | Mama mdogo |
| 4:30 asubuhi | Kuchukua keki na kuipeleka ukumbini | Ukumbini | Kaka | Mjomba mdogo |
| 5:20 asubuhi | Wote wanatoka saluni | Saluni | Mjomba | Kaka |
| 5:45 asubuhi | Kupamba gari | Nyumbani | Wadogo zetu wawili | Mjomba |
| 6:00 mchana | Chakula. Bibi harusi anakula kabla ya gauni | Nyumbani | Mama mdogo | Mama |
| 6:30 mchana | Kumvalisha bibi harusi | Chumbani | Mama na mpambe mkuu | Shangazi |
| 6:30 mchana | Kumfuata Bibi na kumpeleka kanisani | Kwa Bibi | Binamu mkubwa | Kaka |
| 7:00 mchana | Bwana harusi na msimamizi wake wamefika, pete zipo | Kanisani | Msimamizi wa bwana harusi | Kaka |
| 7:15 mchana | Bibi harusi na Baba wanaondoka | Nyumbani | Mjomba | Kaka |
| 7:40 mchana | Wageni wote wamekaa | Kanisani | Mjomba mdogo | Binamu mkubwa |
| 8:00 mchana | Ibada, viapo, kutia saini cheti | Kanisani | Wasimamizi wa pande zote mbili | – |
| 9:45 alasiri | Picha za familia. Wageni wanaelekea ukumbini | Nje ya kanisa | Mimi (picha), Binamu mkubwa (wageni) | Shangazi |
| 11:00 jioni | Maharusi wanapumzika, wanakunywa maji | Chumba cha ukumbini | Mpambe mkuu | Mimi |
| 12:00 jioni | Maharusi wanaingia | Ukumbini | Mshereheshaji | Kaka |
| 12:30 jioni | Chakula, wazee wanahudumiwa mezani | Ukumbini | Mama mdogo | Shangazi |
| 2:00 usiku | Hotuba za wazazi, dakika 5 kila upande | Ukumbini | Mshereheshaji | Kaka |
| 2:30 usiku | Kukata keki, kisha zawadi | Ukumbini | Mpambe mkuu | Shangazi |
| 4:30 usiku | Maharusi wanaondoka | Ukumbini | Mjomba | Kaka |
| 5:00 usiku | Kuhesabu na kufunga zawadi, kukagua ukumbi | Ukumbini | Kaka na Mjomba mdogo | Mimi |

Safari ya kanisani ni dakika 25. Tukitoka saa 7:15 tunafika saa 7:40 na tunabakiwa na dakika 20 za kungojea ndani ya gari. Msizipunguze hizo dakika 20. Gurudumu likipasuka au pindo la gauni likishika mlangoni, ndizo zitakazotuokoa.

Mvua ikinyesha, picha za familia zinapigwa barazani mwa kanisa. Makundi ni 8, kuanzia na wazee ili wasisimame muda mrefu. Bibi akishapigwa picha zake mbili, Binamu aondoke naye moja kwa moja. Kiti chake ukumbini kiwe karibu na mlango wa choo na mbali na spika. Hilo nimeliweka mwenyewe, hakuna aliyeliomba, lakini Bibi hatalisema na atakaa na maumivu ya kichwa mpaka usiku.

Jambo la mwisho ni simu. Kuanzia saa 12 asubuhi simu ya bibi harusi iko kwa mpambe mkuu, imezimwa sauti. Hakuna kumpigia kumuuliza maua yako wapi au gari la nani linatangulia. Nipigieni mimi. Nikiwa sishiki, mpigieni Kaka.

Mkiona jina lenu mahali msipoweza, niambieni kabla ya Alhamisi jioni, kwa sababu Ijumaa asubuhi nachapa nakala 12. Mjomba, yako nitaibandika kwenye dashibodi ya gari. Mama, yako nimeikuza herufi ili usihangaike kutafuta miwani.